Mada Zinazojirudia Katika Idara ya Kiswahili: Mwongozo wa Kuandika Tasnifu Isiyo Mwangwi wa Waliotangulia

Ukisimama mbele ya rafu ya tasnifu za uzamili katika idara ya Kiswahili ya chuo chochote kati ya Nakuru na Kisumu, ukasoma migongo ya vitabu hivyo kwa utaratibu, utaona kwamba mada ni chache kuliko tasnifu. Kuna usawiri wa mwanamke katika riwaya au tamthilia fulani, kuna lugha ya matangazo na ya wanasiasa, na kuna kundi ambalo huenda ndilo kongwe kuliko yote katika eneo letu: makosa ya Kiswahili yanayohusishwa na lugha ya kwanza ya mwanafunzi, iwe Dholuo, Lubukusu, Lulogoli, Ekegusii au Kikalenjin. Mwongozo huu unalishughulikia kundi hilo la mwisho peke yake, kwa sababu ndimo mwangwi unamotokea kwa urahisi zaidi, na pia kwa sababu ndani yake bado mna maswali ambayo hayajajibiwa vizuri.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini mada hii hairuhusiwi kupumzika. Wanafunzi wengi wa uzamili ni walimu wa shule za upili wanaosoma wakati wa likizo, na insha za wanafunzi wao ziko mezani tayari, hivyo data haina gharama ya nauli. Wasimamizi wenye taaluma ya isimu ni wachache katika kila idara, na kila mmoja humwelekeza mwanafunzi kwenye uwanja anaoujua. Juu ya hayo, pendekezo la utafiti lililopitishwa na bodi ya idara mwaka uliopita hugeuka kielelezo, likapita kutoka simu hadi simu, na anayelipokea hujikuta akibadilisha jina la kaunti na la lugha huku maswali ya utafiti, nadharia na hata mpangilio wa majedwali ukibaki ulivyokuwa. Hakuna aliyekusudia kuiba, ila mtahini wa nje hasomi nia.

Hatua ya kwanza: kusanya yote yaliyopo, pamoja na yale ambayo hayajakamilika

Anza kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chako, lakini usiishie kwenye kisanduku cha kutafutia kilichomo. Tasnifu ya aina hii yaweza kuwa imeandikwa kwa Kiswahili na kuorodheshwa kwa Kiingereza, au kuandikwa kwa Kiingereza katika kitivo cha elimu ingawa data yake yote ni insha za Kiswahili. Kwa hiyo tafuta kwa lugha zote mbili, na kwa maneno yanayokaribiana: makosa, athari, lugha ya kwanza, lugha ya mama, insha, uandishi. Ukitumia Gugo, unaweza kuibana itafute ndani ya hazina moja tu:

```
site:repository.maseno.ac.ke Dholuo makosa insha
site:repository.maseno.ac.ke Kiswahili errors composition
site:ir-library.egerton.ac.ke Kiswahili "lugha ya kwanza"
```

Kisha ingia kwenye hazina yenyewe na upitie orodha ya idara mwaka kwa mwaka, kwa kuwa kazi nyingine zimehifadhiwa kwa ikisiri fupi isiyotaja lugha inayochunguzwa, na utafutaji wa maneno hautazifikia. Tasnifu za zamani mara nyingi ziko kwenye karatasi tu, katika sehemu ya maktaba ambayo vitabu vyake haviazimwi. Hizo huna budi kuzifuata kwa miguu.

Watu wengi hukomea hapo, na ndipo wanaponaswa, maana mwangwi mbaya kuliko wote ni ule wa tasnifu ambayo haijafika kwenye rafu. Mwenzako aliyetetea pendekezo lake miezi sita iliyopita yumo nyanjani sasa akikusanya insha zile zile unazozitamani. Muombe mratibu wa masomo ya uzamili akuonyeshe orodha ya mada zilizosajiliwa na ambazo bado zinaendelea. Ombi hilo ni la kawaida, halihitaji barua ndefu, na linaweza kukuokoa mwaka mzima.

Hatua ya pili: ziandike katika jedwali moja, na usome safu wima

Kwa kila tasnifu iliyo katika kundi lako, andika mstari mmoja wenye mambo haya: mwaka, lugha ya kwanza ya watafitiwa, aina ya data, kipengele cha lugha kilichochunguzwa, nadharia, dai kuu, na ushahidi uliotolewa kwa dai hilo. Safu mbili za mwisho ndizo zenye kazi, na hutaweza kuzijaza kwa kusoma ikisiri peke yake. Itakubidi ufungue sura ya nne na kuona hasa mwandishi alihesabu nini, na alilinganisha na nini.

Jedwali likishajaa, acha kulisoma kwa mlalo. Lisome kwa wima. Katika safu ya lugha ya kwanza utaona majina mengi tofauti, na hapo ndipo kila mtafiti alipojihisi kuwa amefanya jambo jipya. Shuka kwenye safu ya nadharia na utaona Uchanganuzi Makosa wa Corder ukijirudia, pengine ukiambatana na Uchanganuzi Linganuzi wa Lado au ile nadharia ya Selinker kuhusu lugha ya mpito ambayo mwanafunzi hujijengea akiwa njiani kuelekea lugha anayojifunza. Safu ya data itakuwa insha, insha, insha. Safu ya dai itasema kwamba lugha ya kwanza huathiri Kiswahili cha wanafunzi. Safu ya ushahidi, aghalabu, itakuwa na orodha ya makosa pamoja na maelezo ya mwandishi kwamba muundo kama huo upo, au haupo, katika lugha ya kwanza.

Safu yenye majibu mbalimbali haikupi nafasi, kwa kuwa ndiyo inayobadilishwa na kila mtu. Tazama ile ambayo jibu lake ni moja kutoka juu hadi chini.

Hatua ya tatu: jihadhari na mapendekezo ya sura ya tano

Ushauri unaotolewa sana ni kwamba mwanafunzi asome sehemu ya mapendekezo ya utafiti zaidi katika tasnifu zilizotangulia na kuchukua mada kutoka humo. Mimi siukubali ushauri huo, angalau si kwa kundi hili. Mapendekezo hayo huandikwa mwishoni, mwandishi akiwa amechoka, na mara nyingi husema kwamba utafiti kama huo ufanywe katika kaunti nyingine, katika lugha nyingine au katika ngazi nyingine ya elimu. Huo ni mwaliko wa kurudia. Tena, waliousoma mwaliko huo si wewe peke yako. Kila aliyefungua tasnifu ile ameuona.

Hapa ndipo mazungumzo fulani yanayosikika sana katika vikao vya kutetea mapendekezo huanzia. Mwanafunzi anaulizwa kazi yake inatofautianaje na ya mtangulizi, naye anajibu, "Yeye alifanya Siaya, Daktari, mimi nafanya Kisumu." Swali linalofuata huwa zito: "Na mfumo wa nomino wa Dholuo cha Siaya unatofautianaje na wa Dholuo cha Kisumu?" Ikiwa dai lako ni kwamba kosa limetokana na muundo wa Dholuo, na muundo huo ni mmoja pande zote mbili, basi kuhamisha utafiti kilomita sabini hakujabadilisha kitu chochote ambacho nadharia yako inakitambua.

Mahali panaweza kuwa sababu halali, lakini kwa sharti kwamba pabadilishe jambo lenye uzito katika swali lenyewe. Mtoto wa Nyalenda au Manyatta mjini Kisumu hukisikia Kiswahili cha mtaani kila siku sokoni na kwenye matatu, ilhali mwenzake wa kijiji cha ndani huko Bondo anaweza kukisikia Kiswahili darasani na redioni tu. Kama swali lako linahusu kiasi cha Kiswahili ambacho mtoto hukutana nacho nje ya darasa, basi mji na kijiji ni sehemu ya utafiti wenyewe. Kama halihusu hilo, mahali ni anwani tu.

Hatua ya nne: chagua dai moja lililoegemea ushahidi mwepesi

Badala ya kuuliza ni nini ambacho hakijafanywa, uliza ni dai gani limerudiwa mara nyingi bila kujaribiwa. Nitachukua mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho.

Katika tasnifu za wanafunzi wenye Dholuo utakutana na sentensi kama hizi, zilizonukuliwa kutoka kwenye insha: *Kitabu yangu ilipotea. Vitabu zangu zilianguka. Viti zilivunjika.* Maelezo yanayotolewa yanajulikana. Dholuo ni lugha ya Kinailoti, haina ngeli za nomino kama zilizomo katika lugha za Kibantu, hivyo mwanafunzi hukosa upatanisho wa kisarufi kwa sababu lugha yake ya kwanza haimpi mfano wa kufuata. Maelezo haya yanaingia akilini kwa urahisi, na kwa upande wa matamshi mantiki ya namna hii ina nguvu kweli: Dholuo haina sauti ya *sh*, na ndiyo maana *shamba* hutoka kama *samba*, Lubukusu haina *g* isipokuwa inapotanguliwa na sauti ya puani, na ndiyo maana *gari* hugeuka *kari*. Katika mifano hiyo, kosa linafuata umbo la lugha ya kwanza kwa karibu sana, na kila lugha inazalisha kosa lake.

Sasa rudi kwenye *vitabu zangu*. Je, kosa hili ni la Wajaluo? Mtu yeyote aliyewahi kupanda gari Nakuru, akanunua kitu Gikomba au kusikiliza vijana wakizungumza Eldoret, anajua kwamba *vitabu zangu* na *kiti imevunjika* ni maneno ya kila siku midomoni mwa Wakikuyu, Wakamba na Waluhya, ambao lugha zao za kwanza zina ngeli tele. Kiswahili cha mazungumzo katika maeneo ya bara ya Kenya kina mwelekeo wa kuzikusanya nomino za vitu visivyo na uhai chini ya upatanisho wa I-ZI, huku watu na wanyama wakibaki na A-WA. Basi mtoto wa Kisumu anayeandika *vitabu zangu* anaweza kuwa anaandika kile anachokisikia, bila Dholuo kuhusika hata kidogo.

Hapo ndipo pengo lilipo, na angalia kwamba hatukulipata kwa kuhama mada. Tasnifu iliyokusanya insha za wanafunzi wa lugha moja tu haiwezi kulifunga, hata ikiwa na insha elfu moja, kwa sababu haina wa kulinganisha naye. Selinker mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1972, alitaja michakato mitano inayoweza kuijenga lugha ya mwanafunzi, na uhamishaji kutoka lugha ya kwanza ni mmoja tu kati yake. Anayemtaja Selinker katika sura ya pili kisha akaeleza kila kosa kwa mchakato huo mmoja katika sura ya nne hajamtumia Selinker, amemsalimu tu.

Hatua ya tano: jenga utafiti ambao matokeo yake yanaweza kulikanusha dai

Eneo letu lina bahati ya kijiografia. Kati ya Maseno, iliyo upande wa Kaunti ya Kisumu, na Luanda, iliyo Vihiga, kuna mwendo wa kilomita chache tu, na katika shule za ukanda huo watoto wanaozungumza Dholuo nyumbani huketi dawati moja na watoto wa Kinyore. Kinyore ni lugha ya Kibantu: *kitabu* ni *eshitabu*, *vitabu* ni *ebitabu*, na vipashio vingine katika sentensi hupatana na nomino kama ilivyo katika Kiswahili. Watoto hawa wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja cha kiada na soko moja. Kinachowatenganisha ni lugha ya nyumbani.

Kwa hiyo swali laweza kuandikwa hivi: katika darasa moja la ukanda wa Maseno na Luanda, je, wanafunzi wenye Dholuo na wenye Kinyore hutofautiana katika upatanisho wa ngeli ya KI-VI, na wanapokosea, kosa huelekea wapi? Nusu ya pili ya swali ndiyo yenye utamu. Ikiwa tatizo ni kwamba Dholuo haina ngeli, tunatarajia Wajaluo wakosee zaidi kwa tofauti iliyo wazi, na makosa yao yatawanyike: mara *kitabu langu*, mara *kitabu yangu*, mara *kitabu wangu*. Ikiwa chanzo ni Kiswahili cha mazungumzo, makundi yote mawili yatakosea kwa kiasi kinachokaribiana, na karibu makosa yote yataelekea upande mmoja, wa I-ZI. Inawezekana pia yote mawili yawe kweli kwa sehemu, Wajaluo wakikosea zaidi kidogo lakini kuelekea kule kule kwa I-ZI, na matokeo ya namna hiyo nayo yanasema jambo ambalo safu ya dai katika jedwali lako haina. Jibu lolote litakalotoka, utakuwa na tasnifu.

Yapo mambo matatu ambayo yanaharibu utafiti huu yasipoangaliwa.

La kwanza ni kumtambua mtoto kwa jina lake au kwa kaunti yake. Mtoto mwenye jina la Kijaluo anaweza kuwa amelelewa na nyanya wa Kinyore, au nyumbani kwao Kiswahili na Kiingereza ndizo zinazozungumzwa. Usiulize, "Lugha yako ya mama ni ipi?" kwa sababu utajibiwa kabila. Uliza anazungumza na nani kwa lugha gani: mama, nyanya, ndugu, rafiki wa mtaani, muuzaji wa dukani. Wale ambao majibu yao yamechanganyika, waweke katika kundi lao la tatu badala ya kuwasukuma upande mmoja.

La pili ni kutegemea insha tupu. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alionyesha kwamba Wachina na Wajapani waliokuwa wakijifunza Kiingereza walifanya makosa machache katika vishazi rejeshi, na sababu ni kwamba walivikwepa, wakavitumia mara chache kuliko Waajemi na Waarabu. Mwanafunzi wetu naye ana akili hiyo hiyo. Asipokuwa na hakika ya *vyombo vyangu vilivyopotea*, ataandika *mali yangu iliyopotea*, na insha yake itaonekana safi. Ndiyo maana unahitaji pamoja na insha zoezi fupi la kujaza mapengo lenye nomino ulizozichagua, na pia masimulizi ya mdomo ya dakika chache yaliyorekodiwa kwa idhini. Kosa linalojaa kwenye mdomo na kupungua kwenye karatasi linakueleza kuhusu Kiswahili cha mtaani. Linalojaa kote kote linakueleza jambo jingine.

La tatu ni namna ya kuhesabu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo majedwali ya tasnifu nyingi za kundi hili yanapoyumba. Utakuta imeandikwa kwamba makosa ya upatanisho ni asilimia fulani ya makosa yote. Kiwango hicho hakisemi mwanafunzi anaijua ngeli kwa kiasi gani, kwa sababu kinapanda au kushuka kutegemea makosa mengine, kama vile ya tahajia. Hesabu nafasi zote ambapo upatanisho wa KI-VI ulihitajika, kisha uhesabu ni ngapi zilizokosewa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kundi moja lilikuwa na nafasi 200 likakosea 60, na la pili lilikuwa na nafasi 80 likakosea 40. Ukitazama makosa peke yake, kundi la kwanza linaonekana kuwa baya zaidi. Ukitazama nafasi, la kwanza limekosea asilimia 30 na la pili asilimia 50. Hitimisho limepinduka, na data haijabadilika.

Badiliko hili la hesabu peke yake lingetosha kuipa tasnifu sababu ya kuwepo, hata kwa lugha na data ambazo wengine wameshazishughulikia.

Hatua ya sita: andika aya ya tofauti kabla ya pendekezo lenyewe

Kabla hujaandika sura ya kwanza, andika aya moja inayotaja tasnifu mbili au tatu zilizo karibu nawe zaidi, ikisema kila moja ilidai nini, iliegemeza dai hilo juu ya nini, na kazi yako inalijaribu vipi. Zitaje zile zilizo karibu kweli. Kuna kishawishi cha kutaja zilizo mbali ili tofauti ionekane kubwa, na watahini wanakijua vizuri, kwa kuwa baadhi yao ndio waliozisimamia zile zilizofichwa.

Ukishaiandika, ijaribu kwa namna mbili. Chukua kichwa cha tasnifu yako, uondoe jina la mahali na la lugha, uweke yale ya mtangulizi; ikiwa maswali yako ya utafiti yanabaki na maana ile ile bila kubadilika hata neno, bado uko kwenye mwangwi. Halafu andika matokeo unayoyatarajia na umuulize mwenzako kama angeweza kuyabashiri kwa kusoma sura ya nne ya tasnifu iliyotangulia. Katika mfano wetu hawezi, kwa sababu ile ilikuwa na kundi moja.

Chunguza pia kama pendekezo lako limebeba mabaki ya kielelezo ulichosoma. Dalili mojawapo inayoaibisha siku hizi ni ngazi ya darasa. Mapendekezo bado yanaandikwa yakisema watafitiwa watakuwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, ilhali kundi la mwisho la Kidato cha Kwanza liliingia mwaka 2024, na kuanzia Januari 2026 shule zina Gredi ya 10 pamoja na Kidato cha Tatu na cha Nne pekee. Mtahini akiliona hilo, hahitaji programu yoyote kujua kwamba ukurasa umenakiliwa.

Hatua ya saba: zuia mwangwi wa maneno katika sura ya pili

Swali jipya linaweza bado kuzungukwa na maneno ya zamani. Sura ya mapitio ya maandishi katika kundi hili hurithiwa: Lado, kisha Corder, kisha Selinker, kwa mpangilio ule ule na pengine kwa kosa lile lile la mwaka au la tahajia ya jina lililopita kutoka tasnifu moja hadi nyingine. Soma makala yenyewe. Ya Corder ya mwaka 1967 ni fupi, na ukiisoma utaona jinsi anavyotenganisha kosa la kimfumo na mtelezo wa kuchoka au kusahau, tofauti ambayo inabadilisha kabisa namna ya kuhesabu data yako: *vitabu zangu* mara moja kati ya nafasi kumi si jambo moja na *vitabu zangu* mara tisa.

Taarifa ya Turnitin isikutie hofu wala isikuliwaze. Programu hiyo hulinganisha mfuatano wa maneno na maandishi yaliyomo katika hifadhi zake. Tasnifu iliyoko kwenye karatasi peke yake haimo, na muundo wa utafiti ulioigwa kwa maneno mapya hauonekani. Vilevile itakupigia alama sentensi kama "utafiti huu ulilenga kuchunguza", ambazo ni mali ya kila mtu. Asilimia ndogo ina maana kwamba maneno yako hayakuonekana katika hifadhi hizo. Kuhusu mada haisemi kitu.

Pale ambapo kurudia ni halali

Unaweza kuamua kwa makusudi kuurudia utafiti wa mtangulizi, kwa mfano kutumia zoezi lile lile alilolitumia miaka kumi iliyopita, ili kuona kama kukua kwa Kiswahili cha mitandaoni kumebadilisha chochote. Hilo ni jambo la kisayansi, mradi useme waziwazi tangu utangulizi kwamba unarudia, utaje unayemrudia, ubaki na chombo chake bila kukigeuzageuza, na uwe na sababu ya kutarajia tofauti. Tatizo la vitendo ni kwamba tasnifu nyingi hazikuambatisha zoezi kamili wala hazikueleza wanafunzi walivyochaguliwa, na bila hayo huwezi kurudia, utaiga tu. Kagua viambatisho kwanza.

Mwisho kuna suala la wakati. Kati ya kupitishwa kwa pendekezo na kuwasilisha tasnifu miaka miwili inaweza kupita kwa urahisi, na katika muda huo hazina ya chuo hupokea kazi mpya. Rudia utafutaji wa hatua ya kwanza kabla hujaomba kibali cha NACOSTI, maana kubadilisha mada baada ya hapo kunamaanisha kuomba upya, na uurudie tena mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha. Ukikuta tasnifu mpya iliyogusa swali lako, usiifiche. Iongeze mstari kwenye jedwali, isome sura yake ya nne, na uandike katika mjadala wako wapi matokeo yenu yanakutana na wapi yanaachana. Mtahini atakayeileta mezani atakuta umeshaijibu.